Pampu inayotii kwenye laptopu na kufurisha tangi kwenye jengo: dalili, vyanzo na majaribio ya kuzinasa kabla ya kupakia programu

Miaka kadhaa iliyopita nilipakia programu kwenye PLC ya paneli ya maji ya jengo moja la wapangaji. Nilikuwa nimeijaribu jioni nzima kwenye simuleta na kila nilichobonyeza kilinijibu sawasawa. Wiki ya tatu fundi bomba alipanda kusafisha tangi la juu, akaung'oa waya wa floti ya chini na hakuurudisha. Usiku huo pampu haikusimama mpaka asubuhi. Maji yalishuka kwa ngazi hadi ghorofa ya pili, na godoro la mama mmoja mwenye mtoto mchanga likaloa lote.

Simuleta haikunidanganya. Ilijibu kila swali nililoiuliza, ila sikuwahi kuiuliza hilo. Mwongozo huu unapita kwenye dalili ambazo nimeziona mara nyingi, nyingine zikitokea kwenye simuleta na nyingine zikisubiri ufike kazini, na kwa kila moja naeleza jaribio ambalo lingeinasa mapema. Mfano ni ule ule mwanzo hadi mwisho: tangi la chini, tangi la juu na pampu mbili zinazopokezana, kwenye S7-1200 na TIA Portal ikiwa na PLCSIM. Ukitumia CODESYS, ambayo ina `Simulation` kwenye menyu ya `Online`, au OpenPLC Editor, majina ya vitufe yatabadilika lakini makosa ni yale yale.

Haya ndiyo maingizo yetu. Yashike, maana tutayarudia:

```
I0.0 Simama        1 = kitufe hakijabonyezwa (NC)
I0.1 Floti_Chini   1 = maji yameifunika (tangi la juu)
I0.2 Floti_Juu     1 = tangi la juu limejaa
I0.3 Floti_Kisima  1 = tangi la chini lina maji
I0.4 OL1           1 = ovalodi ya pampu 1 ni nzima
I0.5 OL2           1 = ovalodi ya pampu 2 ni nzima
Q0.0 Pampu1    Q0.1 Pampu2    Q0.2 Kengele
```

Simuleta inakataa kuipokea programu

Hili ni dogo. Fungua sifa za mradi wenyewe (si za PLC), ingia `Protection`, weka alama kwenye `Support simulation during block compilation`, kisha ukompaili upya bloku zote. Likikataa bado, tazama toleo la CPU ulilolichagua kwenye mradi, kwa kuwa PLCSIM huiga S7-1200 kuanzia toleo la 4.0 la mfumo wake wa ndani. Mradi wa zamani uliorithi kwa mwenzako huenda una CPU ya toleo la chini ya hapo.

Programu imeingia, iko RUN, lakini pampu haiwaki hata ufanye nini

Kabla hujagusa programu, angalia hali ya maingizo yote. Simuleta huanza na kila ingizo likiwa sifuri. Kwenye paneli halisi, kitufe cha kusimamisha na ovalodi zote mbili zimefungwa kwa mguso wa NC, yaani hupitisha umeme wakati mambo ni mazima. Kwa hiyo sifuri kwenye `Simama`, `OL1` na `OL2` maana yake mtu amebonyeza kitufe na ovalodi zote mbili zimekata. Programu inafanya kazi yake kwa kukataa kuwasha.

Hatari hapa ni tiba ya haraka. Nimemwona kijana mwenye kipaji kabisa akiongeza `NOT` mbele ya `Simama` ili pampu iwake kwenye simuleta. Ikawaka, akafurahi, akapakia. Kule kazini pampu iliwaka pale tu mtu alipobonyeza kitufe cha kusimamisha. Ingizo la simuleta lifuate waya wa paneli. Waya haubadiliki kwa sababu ya simuleta. Andika jaribio namba sifuri, ambalo kazi yake ni kuweka hali ya kuanzia tu: `Simama`, `OL1`, `OL2` na `Floti_Kisima` ziwe 1, vingine 0. Kila jaribio litakalofuata lianzie hapo.

Kuna ndugu wa dalili hii: unaweka ingizo kuwa 1 kwenye `Watch table`, nalo linarudi sifuri papo hapo. Mwanzoni mwa kila mzunguko wa skani, PLC hunakili hali ya vituo vya umeme kwenye kumbukumbu ya maingizo, hivyo ulichoandika kinafutwa. Tumia `SIM table` ya PLCSIM yenyewe. Hapo utaona `:P` mwishoni mwa anwani ya ingizo, ikimaanisha unaandika kwenye kituo chenyewe na si kwenye nakala yake.

Simuleta ilipita vizuri, tangi limefurika kwenye jengo

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Programu yangu ya kuamua kama maji yanahitajika ilikuwa hivi:

```
IF "Floti_Juu" THEN
    "Hitaji" := FALSE;
END_IF;
IF NOT "Floti_Chini" THEN
    "Hitaji" := TRUE;
END_IF;
```

Isome kwa sauti: likijaa, zima, likipungua, washa. Hakuna kosa la lugha, na ukiipitisha kwenye safari ya kawaida ya maji, kutoka tupu hadi kujaa na kurudi, inajibu sahihi kila mara. Kosa limejificha kwenye mpangilio wa mistari. PLC husoma kutoka juu kwenda chini, na anayeandika mwisho ndiye anayebaki. Waya wa floti ya chini ulipong'olewa, `Floti_Chini` ikawa sifuri ya kudumu. Maji yakapanda, `Floti_Juu` ikawa 1, mstari wa kwanza ukazima, na wa pili ukawasha tena kabla pampu haijapata habari.

Majaribio yangu ya jioni ile hayakulinasa kwa sababu niliyaandika nikiwa naitazama programu. Niliuliza kama programu inafanya nilichoandika, nayo ilifanya. Tangu hapo naandika majaribio kwenye karatasi kabla ya kuandika mstari wowote wa programu, nikianza na floti mbili za tangi la juu na kila hali zinazoweza kuwa nayo:

| Floti_Chini | Floti_Juu | Maana | Hitaji liwe |
|---|---|---|---|
| 0 | 0 | tangi tupu | 1 |
| 1 | 0 | maji katikati | libaki lilivyokuwa |
| 1 | 1 | limejaa | 0 |
| 0 | 1 | haiwezekani | 0, na kengele ilie |

Safu ya jibu ijazwe kwa kalamu kabla simuleta haijafunguliwa. Ukiijaza baada ya kuona pampu imefanya nini, utajikuta unakubaliana nayo.

Tazama mstari wa nne. Maji hayawezi kufunika floti ya juu na kuiacha ya chini hewani. Basi hali hiyo ikitokea, kuna floti iliyokufa, iliyonasa au isiyo na waya. Mtu hushawishika kuuruka mstari huo kwa kuwa hautatokea, na mimi niliuruka. Hali ambazo maji hayawezi kuzileta ndizo ambazo waya mbovu huzileta, na ndizo zinazostahili kujaribiwa kwanza. Kwa programu yangu jaribio hilo lingechukua nusu dakika na kushindwa palepale.

Mstari wa pili nao una siri yake. Maingizo ni yale yale, majibu sahihi ni mawili: maji yakiwa yanapanda, pampu iendelee, na yakiwa yanashuka, ibaki imezimwa. Jedwali peke yake haliioni tofauti hiyo, kwa hiyo jaribio la mstari huu liwe safari. Anza tupu, nenda katikati, tarajia 1. Nenda kujaa, rudi katikati, tarajia 0. Mtu anayejaribu mstari wa pili mara moja tu amejaribu nusu ya programu yake.

Dawa ya programu ni kugeuza mpangilio ili kuzima kuwe na neno la mwisho:

```
IF NOT "Floti_Chini" THEN
    "Hitaji" := TRUE;
END_IF;
IF "Floti_Juu" THEN
    "Hitaji" := FALSE;
END_IF;
"Kengele_Floti" := "Floti_Juu" AND NOT "Floti_Chini";
```

Ukipenda kutumia bloku za kuweka na kufuta badala ya `IF`, jihadhari na majina. Kwenye kiwango cha IEC 61131-3, `SR` humpa nguvu anayewasha. Kwenye bloku za Siemens, `SR` humpa nguvu anayezima. Herufi ni zile zile na tabia ni kinyume, basi programu iliyohamishwa kutoka kwenye PLC ya kampuni nyingine inaweza kubeba kosa langu bila mtu kubadilisha hata neno moja. Angalia tarakimu 1 kwenye mguu wa bloku: `R1` au `S1`. Mwenye 1 ndiye mshindi, kokote uliko.

Baada ya jedwali, fanya jaribio la waya uliokatika. Pampu ikiwa inaendesha, shusha ingizo moja kuwa sifuri, andika kilichotokea, lirudishe, nenda la pili. Ni majaribio sita tu kwa paneli hii. `Simama` ikishuka, pampu izime. `Floti_Kisima` ikishuka, izime. `OL1` ikishuka, pampu ya pili ichukue kazi, na `OL2` ikishuka, ya kwanza ichukue. `Floti_Chini` tumeshaiona. Inabaki `Floti_Juu`, na hapo utagundua jambo ambalo programu haiwezi kuliponya: waya wake ukikatika, PLC inasoma "bado halijajaa", na floti hiyo haitaisimamisha pampu kamwe.

Dawa iko kwenye paneli. Floti nyingi huja na waya tatu, mmoja wa pamoja na miwili ya miguso inayopingana. Hamisha waya ili 1 imaanishe "bado kuna nafasi" na 0 imaanishe "limejaa". Sasa waya ukikatika, pampu inasimama na watu watakupigia simu kulalamika kuwa hakuna maji, malalamiko ambayo ni nafuu mara mia kuliko yale ya dari iliyoanguka. Ukishahamisha, geuza pia maana ya `Floti_Juu` kwenye programu na kwenye jedwali, kisha rudia majaribio yote tangu la kwanza.

Pampu hazipokezani, au zinapokezana kiholela

Mwenye jengo anataka pampu 1 leo, pampu 2 zamu ijayo, ili zichakae sawa. Kosa la kawaida ni hili:

```
IF NOT "Hitaji" THEN
    "Zamu" := NOT "Zamu";
END_IF;
```

Nia ni kwamba kazi ikiisha, zamu ibadilike. Lakini `Hitaji` hubaki sifuri kwa saa nzima tangi likiwa limejaa, na mistari hii inapitiwa katika kila mzunguko wa skani, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Zamu inageuka na kugeuka bila kukoma, na pampu itakayowaka ni ile iliyoangukiwa wakati maji yalipopungua.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba hufaulu jaribio fupi. Ukijaza tangi mara moja, una nafasi nusu ya kuona pampu uliyoitarajia, na kwenye simuleta `Zamu` inageuka haraka kuliko skrini inavyoonyesha, hivyo huenda ikaonekana imetulia. Jaribio linalofaa ni kujaza na kushusha mara nne mfululizo huku ukitarajia 1, 2, 1, 2. Kwa bahati tupu, mpangilio huo hutokea mara moja katika kumi na sita. Mara nane ni bora zaidi, na nitaonyesha chini jinsi ya kuzipata bila kubonyeza.

Kinachotakiwa ni kunasa ile nukta ya kubadilika, si hali yenyewe:

```
IF "Hitaji_Kabla" AND NOT "Hitaji" THEN
    "Zamu" := NOT "Zamu";
END_IF;
"Hitaji_Kabla" := "Hitaji";
```

Mistari hii iwe mahali panapopitiwa kila mzunguko. Kama paneli yako ina swichi ya AUTO na MANUAL, nawe ukaiweka ndani ya bloku inayoitwa pale tu swichi ikiwa kwenye AUTO, `Hitaji_Kabla` itabaki na kumbukumbu ya zamani, na zamu itageuka mara moja bila sababu mtu anaporudi kutoka MANUAL. Ongeza jaribio la kuhamisha swichi tangi likiwa linajaa.

Ovalodi moja ikikata, pampu zote mbili zinachanganyikiwa

Mara nyingi mtu huandika kuwa pampu 1 iwake ikiwa ni zamu yake au ikiwa pampu 2 ni mbovu, kisha anasahau kuuliza kama pampu 1 yenyewe ni nzima. Jaribio la ovalodi moja litafaulu. Shusha `OL1` na `OL2` pamoja. Kama hata pampu moja imebaki 1, umelipata. Hali sahihi ni zote sifuri na kengele.

Kuna la pili lililo gumu kuliona. Pampu 1 imekata, pampu 2 inafanya kazi yake vizuri. Fundi anapanda, anabonyeza kitufe cha kurudisha ovalodi, `OL1` inarudi 1, na papo hapo programu inamzima pampu 2 na kumwasha pampu 1, mkono wa fundi ukiwa bado ndani ya paneli. Kimahesabu programu haijavunja sharti lolote. Mimi nasema ni kosa, na jedwali langu lina mstari kwa ajili yake: ovalodi ikirudi wakati mwenzake anafanya kazi, hakuna kinachobadilika mpaka tangi lijae.

Taima inakata, kisha pampu inajiwasha tena

Kwa usalama tunaweka kikomo cha muda. Kati ya floti ya chini na ya juu kuna lita 3,000. Pampu inaleta lita 100 kwa dakika, na asubuhi wapangaji wanatumia kama lita 40 kwa dakika, kwa hiyo zinaongezeka lita 60 kila dakika na tangi linajaa kwa dakika 50. Nikaweka kikomo cha dakika 75: ikipita hapo, ama floti imekufa au bomba limepasuka.

Kosa ni kuhesabu muda kwa kutazama pampu yenyewe, kisha kuizima pampu kwa jibu la taima hiyo hiyo. Pampu ikizima, taima inakosa anayeilisha, inarudi sifuri, kikomo kinafutika, pampu inawaka tena kwa dakika 75 nyingine. Kwenye simuleta utaona taima imefika kikomo kwa wakati, utaweka alama ya kufaulu na kuondoka. Pampu hurudi ndani ya mzunguko mmoja au miwili ya skani, na ukiitazama baada ya hapo utaikuta imewaka. Kila jaribio la taima liendelee baada ya jibu kutokea. Dawa ni kuihifadhi hitilafu kwenye biti inayofutwa na kitufe cha mtu peke yake.

Halafu kuna suala la kusubiri. Hakuna anayekaa dakika 75 mbele ya skrini, kwa hiyo watu hushusha muda hadi sekunde tano kisha wanaisahau humo. Weka muda kwenye tagi moja, mfano `Muda_Kikomo`, usiuandike ndani ya bloku ya taima. Kisha jenga tangi la kuigiza ndani ya programu, kwenye bloku ya peke yake inayoitwa na OB30 kila milisekunde 100:

```
IF "Pampu1" OR "Pampu2" THEN
    "Maji" := "Maji" + 10;
END_IF;
IF "Maji" >= 4 THEN
    "Maji" := "Maji" - 4;
END_IF;
"Iga_Chini" := "Maji" > 1000;
"Iga_Juu" := "Maji" > 4000;
```

Hesabu ni ile ile ya tangi halisi, ila dakika imekuwa sekunde: kila hatua inaongeza lita sita, hatua kumi ni lita 60. Tangi linajaa kwa sekunde 50 na kikomo kinakuwa sekunde 75. Liache lishuke lenyewe na kupanda lenyewe huku ukinywa chai, na zile zamu nane za pampu utazihesabu bila kubonyeza chochote. Hapa floti ya juu imebaki kwa maana ya jedwali letu. Kama umehamisha waya, igeuze na hii.

Tangi hili linakupa pia kitu ambacho kidole hakiwezi. Binadamu akibonyeza, ingizo hubadilika kwa utulivu. Floti ya tangi la chini, maji yakiwa yanagusa kimo chake, hucheza juu na chini. Igize `Floti_Kisima` igeuke kila hatua ya tatu kwa sekunde kumi, na utaona kama pampu inawaka na kuzima kama taa ya disko. Ikifanya hivyo, kontakta na mota havitadumu. Weka sharti kwamba maji ya kisima yarudi na kukaa sekunde 60 mfululizo kabla pampu haijaruhusiwa tena.

Umeme ukirudi, pampu inawaka yenyewe

Kwa mitaa yetu jaribio hili si la hiari. Kwenye simuleta, tangi likiwa katikati na pampu inaendesha, zima PLC kwa kitufe chake cha nguvu, subiri, washa. Jibu linategemea kama biti ya `Hitaji` imewekwa kudumisha kumbukumbu yake. Ikiwa inadumu, pampu itawaka sekunde ile ile umeme unaporudi, pamoja na kila friji na kila kiyoyozi cha mtaa, wakati volti bado ziko chini. Ovalodi ikikata asubuhi bila sababu ya kueleweka, tazama hapa kwanza. Ikiwa haidumu, pampu itasubiri mpaka maji yashuke chini ya floti ya chini, jambo ambalo kwa tangi la juu halina madhara.

Mimi huchagua isidumu, na biti ya hitilafu ya taima ndiyo idumu, la sivyo kukatika kwa umeme kutafuta hitilafu ambayo mtu hajaiona. Tagi za eneo la M kwenye S7-1200 hazidumu mpaka uamue, lakini mradi uliorithi unaweza kuwa na uamuzi wa mtu mwingine. Jaribu mara tatu: tangi likiwa tupu, katikati, na kukiwa na hitilafu.

Imepakiwa kwenye PLC halisi, na floti halisi haifanyi lolote

Unainua floti kwa mkono, taa ya ingizo kwenye PLC inawaka, programu haijali. Lile tangi la kuigiza bado liko kazini na ndilo linaloilisha programu. Ili hili lisitokee, programu isisome I0.1 moja kwa moja. Iwe na bloku moja ya mwanzo inayonakili maingizo kwenye tagi za ndani, na mahali hapo pekee ndipo pa kuchagua kati ya waya na maigizo. Kabla ya kupakia, rudisha uchaguzi huo kwenye waya, kisha futa wito wa bloku ya maigizo kwenye OB30, usiizime kwa biti, maana biti inaweza kuwashwa kwa bahati mbaya. Rudisha `Muda_Kikomo` kuwa `T#75m`. Kompaili. Kisha endesha tena lile jaribio namba sifuri na mistari minne ya jedwali kwa `SIM table`, kwa kuwa programu uliyoifuta kitu si ile uliyoijaribu.

Ukifika kwenye jengo, zima sakiti za mota kwanza na uache umeme wa kudhibiti tu. Simuleta haijui kama waya wa `OL1` umefungwa kwenye kituo cha `OL2`, wala kama mota inazunguka kinyume. Chukua ile karatasi ya majaribio sita ya waya, panda juu na mwenzako mwenye simu, na uyarudie yote kwa floti halisi: yeye anainua, wewe unasoma taa za Q0.0 na Q0.1 na kuweka alama kwenye safu ya mwisho. Sakiti za mota zirudishwe baada ya mstari wa sita.